Cheti cha ugonjwa: kipi mwajiri aambiwe, kipi kibaki kwenye faili

Cheti cha ugonjwa huandikwa kwa dakika tatu, tena aghalabu mgonjwa anayefuata akiwa ameshafika mlangoni. Mgonjwa humpelekea msimamizi wake, msimamizi hukipiga picha kwa simu na kuituma kwa ofisa rasilimali watu, ofisa hukiweka kwenye jalada, na mwisho wa mwezi karani wa mishahara hulifungua jalada hilo ili kuhesabu siku. Kabla ya wiki kwisha, karatasi hiyo imekwisha kusomwa na watu wanne au watano ambao daktari hawajui, na ambao hawafungwi na kiapo chochote cha kitabibu. Kwa hiyo anayeandika cheti aandike akijua kwamba kila neno analoliweka pale linatoka moja kwa moja kwenye chumba cha daktari na kuingia mahali pa kazi, na haliwezi kurudishwa.

Mwajiri naye ana haki yake. Analipa mshahara wa mtu asiyekuwepo, anapaswa kupanga mwingine wa kushika zamu, na sheria inamdai kulinda usalama wa watu wote walio chini yake. Karatasi iliyoandikwa “fulani ni mgonjwa, apumzike” haimsaidii kitu. Hajui ni kuanzia lini, mpaka lini, wala kama mtu huyo akirudi ataweza kufanya kazi ileile aliyoiacha. Cheti cha namna hiyo hakimlindi hata mgonjwa mwenyewe, kwa sababu mwajiri asiyeelewa huuliza, na kwa kuwa daktari yuko mbali, anayeulizwa ni mfanyakazi, mbele ya meza ya bosi wake, mahali ambapo kukataa kujibu ni kugumu.

Ugumu wote unatokana na kuchanganya maswali mawili. Swali la kwanza ni “anaumwa nini?” Swali la pili ni “anaweza kufanya nini, hawezi nini, na kwa muda gani?” La kwanza ni la daktari na mgonjwa. La pili ni la mwajiri, na karibu kila uamuzi anaopaswa kuufanya hupata jibu hapo. Mwenye ghala hahitaji kujua kama mfanyakazi wake amevunjika kidole, ana jipu au ameanza dawa inayolegeza misuli. Anahitaji kujua kwamba mtu huyo asinyanyue mizigo kwa wiki mbili. Nitalifafanua jambo hili kwa kufuata kisa kimoja toka mwanzo mpaka mwisho, kisa nilichokitunga kwa kuunganisha mambo ambayo daktari yeyote anayeandika vyeti huyakuta.

Mwanamume wa miaka thelathini na kitu, dereva wa foklifti kwenye ghala, anafika kliniki Jumatano tarehe 5 Machi 2025. Kwa majuma sita hajalala vizuri, amekonda, hawezi kufuata maelekezo mafupi, na juzi nusura aangushe shehena ya maboksi juu ya mwenzake. Tangu Jumatatu tarehe 3 hakwenda kazini kabisa. Baada ya mazungumzo marefu na vipimo, daktari anaona kwamba ni sonona kali. Anamwanzishia amitriptilini, kidonge kimoja usiku, na kumweleza kwamba siku za mwanzo dawa hiyo huleta usingizi mzito unaoweza kuendelea hadi asubuhi. Kisha mgonjwa anasema jambo ambalo ndilo kiini cha makala haya: “Daktari, naomba kazini wasijue. Pale mtu akisikika ana ugonjwa wa akili, kazi imekwisha.”

Daktari mwenye haraka anaweza kuandika hivi: “Mgonjwa anasumbuliwa na sonona kali (F32.2). Ameanzishiwa amitriptilini. Apewe mapumziko ya siku 14. Arudi kliniki ya afya ya akili baada ya wiki mbili.” Hakuna uongo hata mmoja katika maneno hayo. Hata hivyo siri imetoboka mahali pane. Jina la ugonjwa limeandikwa waziwazi. Msimbo F32.2 hausitiri chochote, maana ni orodha ya kimataifa ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitafuta na kupata maana yake mara moja; wako madaktari wanaodhani kwamba kuandika msimbo badala ya jina ni kuficha, na hilo ni kosa. Jina la dawa nalo linasema, tena linaweza kusema visivyo, kwa kuwa amitriptilini hutolewa pia kwa maumivu ya mishipa ya fahamu na kwa kuzuia kipandauso, hivyo msomaji wa ofisini atabahatisha jibu lake na kulisambaza kama kweli. Mwisho, kliniki ya kurudi imetajwa kwa jina, na jina hilo peke yake lingetosha kufichua yote hata kama mengine yote yangefutwa.

Daktari mwenye huruma naye ana kosa lake, na binafsi naliona kuwa baya zaidi kwa sababu hufanywa kwa nia njema. Anaandika kwamba mgonjwa ana malaria, au “homa kali na uchovu”. Hapo siri imehifadhiwa, lakini cheti kimekuwa cha uongo, na daktari ameweka sahihi yake chini ya uongo huo. Athari zake hazikawii. Kama tutakavyoona, dereva huyu atahitaji baadaye wiki nne za kutopanda foklifti, na malaria haichukui muda huo, kwa hiyo cheti cha pili kitapingana na cha kwanza. Mgonjwa atalazimika kuigiza ugonjwa asiokuwa nao kila anapojuliwa hali. Na siku ambayo shauri litafika mbele ya baraza la usuluhishi, au bima itakapoomba rekodi, faili litasema sonona na cheti kitasema malaria, na mtu wa kwanza kuulizwa atakuwa daktari. Kunyamaza juu ya utambuzi wa ugonjwa ni wajibu. Kubuni utambuzi mwingine ni kughushi.

Sasa tazama cheti ambacho kinamtosha mwajiri bila kumwanika mgonjwa:

> Nathibitisha kwamba nimempima mtu aliyetajwa hapo juu leo, Jumatano tarehe 5 Machi 2025. Kwa maoni yangu ya kitabibu hawezi kufanya kazi yake kuanzia tarehe 5 Machi hadi tarehe 18 Machi 2025, siku zote mbili zikiwemo. Mgonjwa ameeleza kwamba hakuweza kufanya kazi tangu tarehe 3 Machi. Sikumpima katika siku hizo. Atapimwa tena tarehe 18 Machi, na cheti kuhusu kurejea kwake kazini kitatolewa siku hiyo. Kwa idhini ya mgonjwa, kituo kitathibitisha uhalali wa cheti hiki na tarehe zake, na si zaidi ya hapo.

Chini yake kuna jina la daktari, namba yake ya usajili, sahihi, namba ya cheti, na muhuri wa kituo. Hakuna ugonjwa, hakuna dawa, hakuna idara. Na bado mwajiri ana kila anachokihitaji kupanga zamu na kulipa mshahara.

Tarehe zinastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndizo zinazoleta ugomvi mwingi kuliko hata siri yenyewe. Katika cheti hiki ziko za aina tatu, na kila moja ina kazi yake: siku mgonjwa alipopimwa, siku cheti kilipoandikwa (hapa zimekuwa siku moja, lakini si lazima), na kipindi ambacho hawezi kazi. Maneno “siku zote mbili zikiwemo” yanaonekana madogo, lakini bila hayo mtu akiandikiwa “hadi tarehe 18” hajui kama arudi tarehe 18 au tarehe 19, na ofisi itaichukua tafsiri inayoifaa. Vilevile kuandika “siku 14” bila tarehe huacha mlango wazi: je, ni siku za kazi au siku za kalenda? Tukihesabu toka tarehe 5 hadi tarehe 18 tunapata siku 14 za kalenda, na hakuna anayeweza kuzigeuza.

Zile siku mbili za nyuma, tarehe 3 na tarehe 4, ni mtego wa namna yake. Mgonjwa huomba kwa unyonge: “Daktari, niandikie tu kuanzia Jumatatu.” Daktari hakumwona Jumatatu. Anachoweza kufanya kwa uaminifu ni kile kilichofanyika hapo juu, yaani kutenganisha alichokiona yeye na alichoelezwa. Wakati mwingine anaweza kwenda hatua moja mbele na kuandika kwamba alichokikuta leo kinaafikiana na maelezo hayo, iwapo kweli kinaafikiana, kama ambavyo kidonda chenye siku tatu huonekana kina siku tatu. Lakini tarehe ya kuandika cheti hairudishwi nyuma kwa hali yoyote. Mwajiri ndiye atakayeamua kama atazikubali zile siku mbili, na sehemu nyingi kanuni za kazi zinamruhusu mfanyakazi kujieleza mwenyewe kwa siku chache za mwanzo bila cheti cha daktari.

Nimesema muhuri wa kituo, wala si wa idara, na nina sababu. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nafanya kazi kwenye kituo ambacho sitakitaja, nilimwandikia dada mmoja cheti nilichokiona hakina dosari. Kilikuwa na mistari minne, bila neno moja la ugonjwa. Alirudi siku ya tatu, akakiweka mezani na kunionyesha kwa kidole pembeni chini. “Daktari, maneno yako yamenisitiri, lakini muhuri wako umenitangaza.” Wino wa zambarau ulikuwa unasomeka vizuri kabisa: jina la kituo, na chini yake, kwa herufi ndogo, Kliniki ya Tiba na Matunzo. Mtu yeyote anayefahamu huduma za afya anajua kwamba kliniki hiyo ni ya watu wanaoishi na VVU. Nilikuwa nimeuchukua muhuri uliokuwa karibu na mkono wangu. Nilimwandikia kingine, lakini cha kwanza kilikuwa kimeshapigwa picha.

Tangu hapo nimejifunza kukigeuza cheti na kukitazama kama karatasi nzima, si kama maneno tu. Kichwa cha barua kinaweza kutaja wodi. Cheo cha daktari chini ya sahihi kinaweza kuwa “bingwa wa magonjwa ya akili” au “bingwa wa saratani”, na hakuna haja yoyote ya kukiandika, kwa kuwa jina na namba ya usajili vinatosha kuthibitisha kwamba ni daktari. Namba ya faili ya baadhi ya kliniki huanza na herufi za kliniki hiyo. Kwenye mifumo ya kompyuta cheti huchapishwa kutoka kwenye faili la mgonjwa, na programu isiyopangwa vizuri huvuta utambuzi wa ugonjwa na kuuweka peke yake kwenye mstari wa mwisho bila daktari kuuandika. Hata kibahasha kina lake la kusema kikiwa na anwani ya idara kwa nje. Ukaguzi wote huu hauchukui hata nusu dakika, lakini unafanyika kabla karatasi haijatoka mkononi, si baadaye.

Jambo linalofuata ndilo naliona limepuuzwa kuliko yote. Daktari akizoea kuandika utambuzi kwenye magonjwa ambayo hayana aibu, kama mafua au kifundo cha mguu kilichoteguka, na kunyamaza kwenye yale mengine tu, basi ukimya wake wenyewe unageuka kuwa taarifa. Ofisa wa ofisini aliyepokea vyeti ishirini kutoka kituo kimoja, kumi na tisa vikiwa na jina la ugonjwa na kimoja kikiwa kitupu, hahitaji kuambiwa zaidi. Njia pekee ya kuzuia hilo ni kituo kizima kutumia maneno ya aina moja kwa kila mtu: mwenye mafua aandikiwe kama mwenye sonona, na aliyeharibikiwa mimba aandikiwe kama aliyeng’olewa jino. Mgonjwa wa mafua hatapoteza chochote. Akitaka kuwaambia wenzake kwamba ana mafua atawaambia mwenyewe. Wenye kufaidika ni wale ambao cheti chao hakitaonekana cha peke yake.

Yapo mazingira ambapo fomu yenyewe ina nafasi ya utambuzi wa ugonjwa, na nchi zimelitatua jambo hili kwa njia tofauti. Ujerumani kwa miaka mingi ilitumia fomu yenye nakala zaidi ya moja, ambapo nakala ya bima ilikuwa na msimbo wa ugonjwa na nakala ya mwajiri ilikuwa na tarehe tu bila msimbo. Tangu mwaka 2023 mwajiri huzichukua tarehe hizo kwa njia ya kielektroniki, na utambuzi bado haumfikii. Uingereza ilibadilisha cheti chake mwaka 2010 na kuweka, pamoja na “hawezi kazi”, chaguo la “anaweza kufanya kazi iwapo yatafuatwa yafuatayo”, likiwa na visanduku vinne: kurejea kazini kidogokidogo, kubadilisha saa za kazi, kubadilisha majukumu, na kurekebisha mahali pa kazi. Fomu hiyo ina nafasi ya kutaja hali ya mgonjwa, lakini daktari anaruhusiwa kutumia maneno yasiyo bayana pale anapoona kwamba utambuzi kamili ungemdhuru mgonjwa. Mimi naupendelea utaratibu wa nakala mbili, kwa kuwa haumtegemei daktari mmoja kukumbuka kila mara; lakini vile visanduku vinne vinafundisha kitu ambacho madaktari wengi hatukufundishwa, nacho ni kuzungumza lugha ya kazi badala ya lugha ya ugonjwa.

Pale fomu ya mwajiri ina nafasi hiyo na hakuna sheria inayoilazimisha, kinachofaa ni kuandika “taarifa imehifadhiwa kwenye faili la mgonjwa” na kuendelea. Kuiacha tupu si vizuri, maana nafasi tupu inaweza kujazwa na mtu mwingine kwa kalamu nyingine.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kuridhia utambuzi wake utajwe, na mara nyingine ni kwa faida yake, kwa mfano anapohitaji ofisi ielewe kwa nini atakosekana kila Alhamisi kwa miezi mitatu. Lakini idhini ina masharti. Fomu ya ajira aliyotia sahihi miaka mitano iliyopita, iliyosema kwamba mwajiri anaweza kupata taarifa zake za afya, haitoshi. Inayotosha ni ile inayotaja taarifa gani, kwa nani, na kwa ajili gani, na aliyoitoa baada ya kuisoma karatasi yenyewe. Desturi yangu ni kumgeuzia mgonjwa cheti kabla ya kutia sahihi na kumwambia: “Soma kama vile wewe ni bosi wako. Kuna neno ambalo hutaki alione?” Mara kadhaa mgonjwa ameniondolea neno ambalo nililiona halina neno. Na tukumbuke kwamba mtu anayeogopa kufukuzwa hukubali mengi, hivyo idhini inayotolewa huku msimamizi ameketi naye ndani ya chumba cha daktari si idhini ya kutegemea. Msimamizi aombwe kusubiri nje.

Turudi kwa dereva wetu. Tarehe 18 Machi anapimwa tena. Usingizi umerudi, anaongea kwa utulivu, anataka kurudi kazini. Lakini asubuhi bado anaamka mzito, na daktari anakusudia kuongeza kipimo cha dawa. Hapa ndipo cheti cha “anaweza kazi” au “hawezi kazi” kinaposhindwa, kwa kuwa jibu la kweli liko katikati. Cheti cha pili kinasema:

> Anaweza kurejea kazini kuanzia Jumatano tarehe 19 Machi 2025. Hadi tarehe 15 Aprili 2025, siku hiyo ikiwemo: asiendeshe foklifti, gari la kazini wala mtambo wowote unaotembea, asifanye kazi ya kupanda juu, apangiwe zamu za mchana tu. Kazi nyingine za ghalani anaweza kuzifanya kama kawaida. Atapimwa tena kabla ya muda huu kwisha.

Hizo ni wiki nne kamili. Angalia kwamba kila zuio limetajwa kama tendo ambalo msimamizi wa ghala anaweza kuliona kwa macho: ama mtu yuko juu ya foklifti ama hayuko. Neno “kazi nyepesi”, ambalo limejaa kwenye vyeti, halina sifa hiyo. Msimamizi mmoja atalielewa kuwa ni kukaa mezani, mwingine atalielewa kuwa ni kubeba maboksi madogo badala ya makubwa. Kama tatizo ni uzito, andika kilo. Kama ni kusimama, andika dakika. Angalia pia sentensi inayosema anachoweza kufanya, maana bila hiyo mwajiri mwenye wasiwasi humrudisha mtu nyumbani na kumkata mshahara kwa kisingizio cha cheti.

Je, mazuio hayo hayafichui ugonjwa? Mtu anaweza kukatazwa kuendesha mtambo kwa sababu ya kizunguzungu, macho, kisukari kisichotulia, kifafa, dawa ya mzio, au bega linaloumwa. Sababu ni nyingi kiasi kwamba msomaji hawezi kuifikia moja. Si kila zuio lina kificho hicho. Mjamzito wa wiki za mwanzo anayefanya kazi kwenye chumba cha eksirei, akiandikiwa asikaribie mionzi, amekwisha kufahamika. Hapo daktari asimwahidi usiri usiokuwepo. Amweleze wazi kwamba zuio hili litawafanya watu wakisie, kisha wapange pamoja nani aambiwe kwanza, na ikiwezekana cheti kipitie kwa daktari wa afya kazini badala ya msimamizi. Wapo wanaopendekeza kuongeza mazuio ya uongo ili kuchanganya wasomaji. Silikubali hilo, kwa sababu ile ile iliyonifanya niikatae malaria ya kubuni.

Magonjwa ya kuambukiza huwatia madaktari wengi wasiwasi, kwamba labda hapo mwajiri lazima aambiwe. Mara nyingi halazimiki kujua zaidi ya zuio. Mpishi anayeharisha na kutapika anaandikiwa asiguse chakula wala asiingie jikoni mpaka zipite saa 48 tangu dalili zote zilipokoma. Maelezo hayo yanawalinda walaji bila kumtaja mdudu aliyemsababishia. Ugonjwa ambao sheria inataka utolewe taarifa hupelekwa kwa mamlaka ya afya ya umma kwa njia yake maalumu, na mamlaka hiyo ndiyo itakayozungumza na mahali pa kazi ikiwa pana haja ya kuwafuatilia waliokaribiana na mgonjwa. Ajali au ugonjwa uliotokana na kazi nao una fomu yake ya fidia, ambayo kweli inahitaji utambuzi kamili, lakini fomu hiyo inakwenda kwa mfuko au bima inayolipa. Isibanwe kwa pini pamoja na cheti cha mapumziko.

Na ikitokea kwamba dereva anakataa zuio, anasema atapanda foklifti kesho na hatampa mwajiri cheti? Hapo wajibu wa siri unakutana na usalama wa wenzake. Kanuni za taaluma sehemu nyingi zinamruhusu daktari kuvunja ukimya pale ambapo kuna hatari kubwa na ya kweli kwa watu wengine, lakini hata hapo kuna mpangilio: kumshawishi kwanza, kumpa nafasi ya kusema mwenyewe, kumwarifu kwamba daktari atachukua hatua, kushauriana na mwenzake wa taaluma, na hatimaye kumwambia anayehusika jambo moja tu, kwamba mtu huyu asiendeshe mtambo hadi tarehe fulani. Hata hatari haihalalishi kulitaja neno sonona. Kila hatua huandikwa kwenye faili pamoja na saa yake.

Simu kutoka ofisini itakuja, mara nyingi kwa sauti ya upole. “Habari za asubuhi, daktari. Nimepokea cheti cha kijana wetu, nilitaka kuhakikisha ni chenu.” Ombi hilo ni halali, kwa kuwa vyeti vya bandia vipo. Jibu ni kuomba namba ya cheti na jina la anayepiga, kukata simu, na kupiga kwenye namba rasmi ya kampuni ambayo daktari ameitafuta mwenyewe. Kisha mpigaji asome tarehe zilizo kwenye cheti chake, na daktari aseme kama zinalingana na kishina cha kitabu au hazilingani. Asizitaje yeye kwanza. Swali la pili hufuata karibu kila mara: “Lakini ni kitu gani hasa, daktari? Tunataka tu kumsaidia.” Jibu lake ni lilelile kwa kila mgonjwa: “Kuhusu afya yake utamwuliza mwenyewe. Kama mnahitaji kujua zaidi kazi gani anaweza kufanya, niandikieni maswali, naye akiridhia nitayajibu kwa maandishi.” Kusema “si ugonjwa mbaya, msiwe na hofu” ni kutoa siri pia, maana ukilisema kwa wagonjwa watatu na usiliseme kwa wa nne, wa nne umeshamtaja.

Kwenye faili la dereva, siku ile ya kwanza, daktari aliandika yale ambayo cheti hakikuyabeba: utambuzi, dawa na kipimo chake, sababu ya kuchagua siku 14, ombi la mgonjwa kwamba kazini wasijue, na namba ya cheti kilichotolewa. Nakala ya cheti chenyewe ikawekwa hapohapo. Tarehe 14 Aprili alipokuja kupimwa kwa mara ya tatu alikutana na daktari mwingine, na huyo hakulazimika kumwuliza upya kwa nini karatasi zake hazitaji ugonjwa.